Muhuri wa ofisi yako: kuukata kwenye nyaraka iliyoskaniwa bila kuacha ukungu

Malalamiko tunayoyapokea mara nyingi ni haya: mtu ameukata muhuri wa ofisi yake, ameuweka kwenye barua, halafu ukingoni unaonekana utepe mweupe kama chaki. Kosa huwa kwenye namna weupe wa karatasi ulivyoondolewa.

Chukua muhuri wa duara wenye kipenyo cha sentimita 4, wino wa bluu. Uskani kwa rangi, nukta 600 kwa inchi, nao utapata upana wa pikseli 945 hivi. Hifadhi kama PNG. JPEG hubana picha kwa vipande vidogo vya mraba na kuacha vumbi kandokando ya herufi, na vumbi hilo halitoki kirahisi.

Wengi huchagua weupe wote kisha wanaufuta. Tatizo ni kwamba ukingo wa wino una pikseli za bluu iliyofifia, nusu wino nusu karatasi. Ukizifuta, herufi zinakuwa na meno. Ukiziacha, ndizo zinazogeuka ule utepe. Kinachotakiwa ni kuitoa karatasi ndani ya kila pikseli na kuacha wino peke yake.

Kwenye programu ya GIMP, kazi hiyo inafanywa na `Colors > Color to Alpha`. Usiache nyeupe inayokuja yenyewe, kwa sababu karatasi iliyoskaniwa huwa ya kijivu au manjano kidogo. Chota rangi ya karatasi yenyewe karibu na muhuri. Wino ukionekana hafifu, punguza `Opacity threshold` mpaka ukolee. Kisha weka safu ya kijani kibichi chini ya picha: juu ya nyeupe kila kosa hujificha, juu ya kijani madoa yote yanajitokeza. Ukiridhika, iondoe safu hiyo na utoe faili la PNG.

Maandishi meusi yaliyopita chini ya muhuri hayataondoka kwa njia hii, maana nayo ni wino. Unaweza kuyafuta kwa mkono, ila sioni sababu ya kupoteza saa nzima. Kama muhuri ni wenu, gonga upya kwenye karatasi tupu, mara tano au sita, uchague ulio safi.

Nasema "wenu" makusudi. Kukata muhuri wa ofisi nyingine na kuubandika kwenye barua yako ni kughushi, hata kama barua inasema kweli. Huo wenu nao uutumie kwa idhini ya mwenye dhamana, ukijua kwamba anayepokea PDF anaweza kuitoa picha hiyo humo ndani kwa amri moja:

```
pdfimages -png barua.pdf picha
```

Na mkaguzi wa nyaraka hahitaji hata hilo. Hulaza barua mbili moja juu ya nyingine kwenye mwanga. Mihuri iliyogongwa kwa mkono hutofautiana mkao na wingi wa wino. Iliyobandikwa hulingana hadi mkwaruzo wa mwisho.