Kiwango kikubwa cha ndani cha faida hakimaanishi mradi bora

"Mradi wenye kiwango cha ndani cha faida kikubwa zaidi, yaani asilimia ambayo mtaji wake unazaa kila mwaka, tena unaorudisha mtaji upesi, si ndio wa kuchagua?"

Sivyo, ikiwa kiwanja ni kimoja na mradi mmoja unauzuia mwingine. Tuseme mfanyabiashara wa Kadutu, Bukavu, anaweza kuweka kinu cha dola 2,000 kitakachompa dola 3,000 baada ya mwaka, au chumba cha baridi cha dola 10,000 kitakachompa 6,500 kila mwaka kwa miaka 2. Kinu kina kiwango cha asilimia 50 na hurudisha mtaji ndani ya mwaka; chumba kina takriban 19 na huchukua mwaka mmoja na nusu. Lakini mtaji ukigharimu asilimia 10, thamani halisi ya sasa, yaani mapato yaliyopunguzwa kwa gharama hiyo kisha kutolewa mtaji wa mwanzo, ni dola 727 kwa kinu na 1,281 kwa chumba.

Asilimia huficha ukubwa wa fedha, na muda wa kurejesha mtaji hausemi lolote kuhusu mapato yanayofuata. Swali la kweli ni kama dola 8,000 za nyongeza ambazo chumba kinahitaji kuliko kinu zinalipa: zinazaa karibu asilimia 14.6, kwa hiyo anayekopa kwa 10 achague chumba, na anayekopa kwa 18 achague kinu.