Kuondoa jina la mteja hakufanyi rekodi ya simu iwe ya milele

“Tumeondoa majina, zimebaki namba tu, tena tumezigeuza kuwa msimbo kwa fomula ya SHA-256. Si tunaweza kuzihifadhi milele?”

Hapana. Namba ya Kongo ina tarakimu 9 baada ya +243, kwa hiyo zote haziwezi kupita bilioni 1. Kompyuta ya kawaida huzipitisha zote kwenye SHA-256 kwa dakika chache, ikalinganisha matokeo, na namba za wateja zikarudi wazi. Data bado ni yao, na Kanuni ya Kidijitali ya 13 Machi 2023 inailinda.

Kinachoamua muda ni kazi ya rekodi. Chukua duka la Lubumbashi linalopokea maagizo kwa simu na kumpa mteja siku 30 za kulalamika. Ongeza siku 30 za kumaliza malalamiko: namba ina kazi kwa siku 60. Siku ya 61 ifutwe, ibaki tarehe, saa na mtaa, Katuba au Kampemba. Hayo yanatosha kujua ni saa ngapi wahudumu waongezwe. Mgogoro usiokwisha utengewe rekodi zake pekee hadi uishe. Kuhifadhi za watu wote kwa ajili ya mmoja ni kuwaonea.

Mahali panaposahaulika zaidi ni nakala za akiba. Tafuta humo namba ya mteja wa mwaka jana, kisha kwenye faili za Excel za wauzaji. Ikionekana, haijafutwa.