Sahani imetoka tupu, je maji ni salama?

Kwenye mkutano wa kijiji, karatasi ya maabara ikisomwa kwamba "E. koli: 0 kwa mililita 100", yaani bakteria huyo wa kinyesi hakuonekana, mjadala wa maji huwa umekwisha. Watu wanapiga makofi, ajenda inahamia kwenye bei ya ndoo. Lakini ile sifuri inajibu swali dogo kuliko tunavyodhani. Inasema kwamba, katika maji yale yaliyochotwa, hakuna E. koli aliyeota kwenye chakula kile cha bakteria kilichotandazwa kwenye sahani ya maabara, kwa joto lile, ndani ya muda ule. Haisemi kwamba hakuna aliyekuwa hai.

Dhana: Bakteria asiyeota kwenye sahani amekufa.

Hii ndiyo mama wa dhana zote hapa. Mwaka 1982 kundi la watafiti, Rita Colwell akiwa mmoja wao, lilieleza jambo lililowashangaza wengi. Waliweka E. koli na vimelea vya kipindupindu kwenye maji ya chumvi, kisha wakawahesabu kwa njia mbili. Kwenye sahani idadi iliporomoka. Kwa hadubini seli zilikuwa bado zimejaa, na zilipopewa chakula kidogo pamoja na dawa inayozuia seli isigawanyike, nyingi zilirefuka. Seli iliyokufa hairefuki. Hizo zilikuwa zinakula, ila hazizai.

Hali hiyo ndiyo ya bakteria hai wasioota. Ganda lao ni zima, kemia ya ndani inaendelea polepole, na wengine hunywea hadi kuwa vidogo na vya duara. Kinachowafikisha huko ni dhiki: njaa, baridi, jua kali, au klorini iliyowajeruhi bila kuwamaliza.

Sasa, kwa nini chakula kizuri cha maabara kisiwaamshe? Sababu mojawapo inachekesha kidogo: mara nyingine chakula chenyewe ndicho kinachowaua. Seli inapokula kwa pupa hutoa hidrojeni peroksaidi kama taka. Seli yenye afya ina kimeng'enya kinachoitwa katalesi, nacho huivunja taka hiyo mara moja. Seli iliyojeruhiwa haina katalesi ya kutosha, kwa hiyo sumu inajilimbikiza na kuimaliza kabla haijagawanyika. Ndiyo maana wataalamu wengine huongeza sodiamu piruveti kwenye chakula cha sahani. Piruveti huinyonya peroksaidi, na sahani iliyokuwa tupu huweza kutoa koloni, yaani vidoa vinavyoonekana vya bakteria waliozaana. Juu ya hilo, chakula cha kupima vimelea vya kinyesi huwekwa makusudi chumvi za nyongo au sabuni ili kuwazuia bakteria wengine. Seli yenye ganda lililochubuka haivumilii hayo.

Hapa kuna tofauti inayosahaulika hata na wenye koti jeupe. Seli iliyojeruhiwa kidogo hushindwa kwenye chakula chenye sabuni, lakini ikipumzishwa kwenye chakula laini hupona na kuota. Seli hai isiyoota hushindwa kote kuwili. Ya kwanza unaweza kuikamata kwa utaratibu mzuri wa maabara. Ya pili sahani peke yake haitakuonyesha.

Dhana: Hayo ni mambo ya bahari baridi, Dodoma na jua lake hayatuhusu.

Ni kweli kwamba majaribio mengi ya vimelea vya kipindupindu yalifanywa kwenye maji ya nyuzi 4 hivi, baridi ambayo kisima cha Bahi hakijawahi kuiona. Lakini njaa ipo kila mahali, na maji safi ya chini ya ardhi ni jangwa kwa bakteria wa utumboni aliyezoea chakula tele. Klorini tunaiweka wenyewe. Na jua letu, lile tunalotumia kuanika chupa za maji kwenye bati, linaua wengi na kuwaacha wengine wakiwa hai bila kuota. Chupa ya maji maangavu iliyolala juani saa sita bado inapunguza hatari sana. Ila ukiipima jioni ileile kwa sahani, utaisifu kupita inavyostahili.

Tuchukue mfano, nimeutunga ili tarakimu zifuatike. Kisima kifupi cha pampu ya mkono kando ya korongo kimeingiliwa na maji ya mvua. Jumatatu kinasafishwa na kuwekwa klorini, na saa nne asubuhi mpimaji anachota sampuli mbili. Kidonge cha DPD kinageuza maji rangi ya waridi, na kipimo kinasoma klorini huru, ile ambayo bado haijatumika, miligramu 0.4 kwa lita.

Chupa ya kwanza ni ya kawaida tu, imechemshwa basi. Inafika mjini na maji yake kupitishwa kwenye chujio linalonasa bakteria baada ya muda wa saa tatu. Kwa saa hizo zote klorini imeendelea kufanya kazi ndani ya chupa, kazi ambayo mama aliyechota na kunywa palepale kisimani hakuipata. Chujio linalazwa juu ya chakula cha sahani na kuwekwa moja kwa moja kwenye nyuzi 44. Matokeo: 0.

Chupa ya pili iliwekwa matone ya sodiamu thaiosalfeti kabla ya kwenda kijijini. Dawa hiyo huizima klorini mara tu maji yanapoingia, kwa hiyo kinachofika maabara ni hali ya kisima ilivyokuwa saa nne. Chujio linapumzishwa kwanza nyuzi 30 kwa muda wa saa nne, kisha linapelekwa nyuzi 44 kwa saa 14. Asubuhi kuna koloni 3 za njano. Hao ni majeruhi waliopewa nafasi ya kupona.

Alhamisi mpimaji anarudi. Klorini huru haipo tena. Sampuli iliyochukuliwa kwa utaratibu wa chupa ya pili inatoa koloni 11.

Wengi watasema, "Mnaona? Waliolala wameamka." Mimi nisingekimbilia huko. Huenda wameamka. Huenda pia korongo limeingiza uchafu mpya, au wale wachache walioweza kuota tangu Jumatatu wamezaana kwenye matope ya chini. Kwa sahani peke yake huwezi kuzitenganisha habari hizo tatu, na hata watafiti wamebishana miaka mingi kama bakteria "aliyeamka" kweli aliamka au kulikuwa na mwenzake mmoja mzima aliyejaza chupa. Isitoshe, kuna bahati nasibu. Ukichota chupa ishirini kwenye maji yenye wastani wa bakteria 3 kwa mililita 100, tegemea moja hivi itoke tupu bila dhiki yoyote kuhusika. Sifuri moja ni ushahidi mwembamba hata kwa bakteria wenye afya.

Dhana: Kama hawaoti, hawawezi kumdhuru mtu.

Kwa baadhi ya vimelea, hilo limepimwa kwa watu. Mwaka 1996 Colwell na wenzake walichapisha matokeo ya watu waliojitolea kunywa vimelea vya kipindupindu vilivyokuwa hai bila kuota. Vimelea vilitoka kwenye choo vikiwa vinaota tena. Utumbo uliwapa kitu ambacho sahani haikuwapa. Nchini Bangladeshi nako, sampuli nyingi za maji zilizokuwa tupu kwenye sahani zilionyesha kimelea hicho zilipopakwa kingamwili zinazong'aa na kutazamwa kwa hadubini.

Hiyo haina maana kwamba kila seli isiyoota ni bomu. Wengi hufa bila kurudi. Wengine hupoteza nguvu ya kushika ukuta wa utumbo. Kila aina ya bakteria ina kesi yake, na anayekwambia jibu moja kwa wote anakuuzia kitu.

Dhana: Basi kipimo cha sahani hakina maana.

La hasha. Sahani yenye koloni haikudanganyi: E. koli akiota, kinyesi kimeingia, chukua hatua leo. Na uchafu mbichi, ule wa choo kilicho jirani au ng'ombe wanaonywea palepale, huja na bakteria wengi ambao bado wana afya. Sahani inawakamata vizuri. Udhaifu wake uko kwenye maji yaliyowekwa dawa muda mfupi uliopita na yale yaliyokaa muda mrefu. Kwa mjini, hilo ni simtanki la juu ya mnara lililojazwa siku ya mgao na kutumiwa wiki nzima.

Dhana: PCR imemaliza tatizo.

PCR inatafuta vinasaba, na vinasaba hubaki majini baada ya mwenyewe kufa. Kwa hiyo pale sahani inapokosea kwa kuwaacha walio hai, PCR inakosea kwa kuwahesabu marehemu. Kuna ujanja wa kutanguliza rangi iitwayo PMA, inayopenya kwenye seli zilizotoboka tu na kufunga vinasaba vyao visionekane. Inasaidia, lakini mwanga wa urujuanimno huua seli kwa kuharibu vinasaba huku ganda likibaki zima. Maji yaliyotibiwa kwa mwanga huo yanaweza kukuonyesha "hai" wengi ambao kumbe wameshakwisha.

Ndiyo maana kwa mradi wa kijiji nisingeshauri kukimbilia mashine. Ningeomba karatasi ya majibu iwe na safu tatu zaidi pembeni ya ile sifuri: klorini huru ilikuwa ngapi wakati wa kuchota, maji yalikuwa na tope kiasi gani, na saa ngapi zilipita hadi kuchujwa. Shirika la Afya Duniani linataka klorini huru isipungue miligramu 0.5 kwa lita baada ya nusu saa ya kukaa na maji, kipimo cha asidi, yaani pH, kikiwa chini ya 8, na isishuke chini ya 0.2 maji yanapomfikia mtumiaji. Bakteria wasioota hutengenezwa zaidi pale klorini inapokuwa nusunusu, au inapoliwa na tope kabla haijawafikia. Sifuri yenye klorini 0.5 na maji maangavu naiamini. Sifuri yenye klorini 0.05 na maji ya rangi ya chai, napima tena wiki hiyohiyo, na chupa zote ziwe na thaiosalfeti.

Dhana: Bakteria hai wasioota wamejikausha, hata kuchemsha hakuwawezi.

Wanachanganywa na bakteria wenye mbegu ngumu, kama klostridia. E. koli na kimelea cha kipindupindu hawana mbegu hizo, wawe wanaota au hawaoti. Maji yakichemka hadi yatokote kisawasawa, wote wanakufa. Kinachobaki ni kikombe unachochotea mtungini.