Pembesita na duaradufu: sifuri ya tatu nayo inahesabiwa

Kuna sentensi moja nimeisikia Mbeya mara nyingi mno, kwa wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo na kwa mainjinia waliomaliza zamani: "Hili ni bamba jembamba, mkazo wa tatu ni sifuri, kwa hiyo tunashughulika na miwili tu." Hadi hapo hawajakosea sana. Tatizo ni kinachofuata. Mtu anachukua mkazo mkuu wa kwanza, yaani ule wa kuvuta au kubana moja kwa moja bila kukata, anatoa wa pili, anagawa kwa mbili, kisha anatangaza kwamba huo ndio mkazo mkubwa kabisa wa kukata uliomo kwenye chuma. Siku nyingine anapatia. Akiwa mbele ya tangi la hewa, anakosea kwa nusu nzima.

Maana yenyewe ni fupi. Mkazo ni nguvu gawa kwa eneo linaloibeba. Chuma laini ukikivuta kidogo kinarudi, ukizidisha kinalegea, yaani kinabadilika umbo na hakirudi tena. Katika jaribio la kuvuta fimbo, mkazo wa kulegea ni namba moja. Tuuite Y, na kwa chuma cha kawaida cha ujenzi tuseme ni 250 MPa. Ila bamba la tangi linavutwa pande mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo namba moja haitoshi. Chora mkazo mkuu s1 kwenye mhimili wa mlalo na s2 kwenye wa wima, kisha weka alama kila mahali ambapo chuma kinaanza kulegea. Mstari unaofungamana kuzunguka nukta ya sifuri, pale mihimili inapokatana, ndio mpaka wa kulegea. Kigezo cha mkazo mkubwa wa kukata, cha Tresca, kinachora pembesita. Kigezo cha nishati ya kupotosha umbo, ambacho wengi tunakiita cha von Mises, kinachora duaradufu. Nukta yako ikiwa ndani ya mpaka, chuma kinarudi. Ikiugusa, kimeanza kulegea. Kulegea si kupasuka, hilo nalo watu hulichanganya.

Sasa tuitazame hiyo pembesita, maana jibu la ugomvi wote limo kwenye pande zake. Tresca anasema chuma kinalegea pale tofauti kubwa kuliko zote kati ya mikazo mikuu inapofika Y. Mikazo mikuu ni mitatu daima: s1, s2, na wa tatu unaoelekea nje ya bamba, ambao hapa ni sifuri. Mitatu hiyo inatoa tofauti tatu: s1 − s2, s1 − 0, na s2 − 0. Kila tofauti inaweza kufika Y kwa upande chanya au hasi, na hapo unapata mistari sita. Miwili ya wima inatoka kwa s1 − 0, miwili ya mlalo inatoka kwa s2 − 0, na miwili ya mshazari inatoka kwa s1 − s2.

Ukiisahau ile sifuri unabakiwa na mistari miwili ya mshazari tu, inayokwenda sambamba bila kukutana. Hiyo si pembesita wala umbo lolote lililofungwa, ni ukanda usio na mwisho. Maana yake ni kwamba ukivuta bamba pande zote mbili kwa nguvu sawa, hata ufike MPa elfu kumi, chuma chako hakilegei kamwe. Anayefuata ile njia ya kutoa na kugawa anakubali jambo hilo bila kujua.

Tuchukue kitu kinachoonekana. Ukipita barabara ya Tunduma, mafundi tairi wengi wana kompresa yenye tangi la mviringo lililofungwa ncha zote mbili. Tuseme kipenyo chake ni mm 400, unene wa bati mm 3, na presha ndani ni baa 10, ambayo ni 1 MPa. Mkazo wa kuzunguka tangi ni presha mara nusu kipenyo gawa kwa unene: 1 × 200 / 3, karibu 66.7 MPa. Mkazo wa urefu, ule unaotaka kuzitenga ncha mbili, ni nusu yake, 33.3 MPa. Mkazo wa kuelekea nje ni sifuri kwenye uso wa nje. Kwenye uso wa ndani ni −1 MPa, kwa sababu hewa inalisukuma bati, lakini mbele ya 66.7 hicho ni kitu kidogo na tunakiacha.

Mwenzetu anayesahau sifuri anasema mkazo mkubwa wa kukata ni (66.7 − 33.3) / 2, yaani 16.7 MPa. Chuma cha Y ya 250 kinalegea kwa kukatwa kikifika 125, kwa hiyo kwa hesabu yake presha inaweza kupanda mara saba na nusu, hadi baa 75. Tresca aliyesomwa sawasawa anasema tofauti kubwa ni 66.7 − 0, mkazo wa kukata ni 33.3 MPa, na bati linaanza kulegea kwenye baa 37.5. Mmoja kazidisha mara mbili ya mwenzake, na wote wawili wanadai wametumia kigezo kilekile. Hizo baa 37.5 nazo si ruhusa ya kujaza. Ni bati safi lisilo na mshono, wakati tangi lililokaa miaka na maji chini yake limeshaliwa na kutu kwa ndani, na likibaki na mm 1.5 mikazo yote inakuwa maradufu.

Jambo hili linaonekana hata kwenye chuma chenyewe. Bati la tangi likilegea, tabaka za chuma hazitelezi zikibaki juu ya uso. Zinateleza kwa mshazari wa nyuzi 45 kupenya unene, kutoka uso wa ndani kuelekea wa nje, na ndiyo maana bati linakonda. Mtelezo huo uko kwenye bapa lenye mwelekeo wa tatu, ule uliofutwa kwa kuwa mkazo wake ni sifuri. Kwenye duara la Mohr, mchoro ambao kila jozi ya mikazo mikuu huchorewa duara lenye nusu kipenyo sawa na mkazo wake mkubwa wa kukata, ni hivyohivyo: duara dogo kati ya 33.3 na 66.7 si lote, kuna kubwa linaloanzia sifuri hadi 66.7 na kulimeza lile dogo. Kama tangi lina vichwa vya nusu tufe, pale mikazo miwili inalingana na duara dogo linakuwa nukta. Kichwa hicho hakijawa cha milele.

Nimesema siku nyingine wanapatia. Hiyo ni pale mikazo miwili ina alama tofauti, mmoja wa kuvuta na mwingine wa kubana. Propela shafti ya lori linalopanda Kitonga na gia nzito iko karibu na hali hiyo. Inasokotwa, na kusokotwa kunaleta mvuto kwa mshazari mmoja na mbano wa kiasi hichohicho kwa mshazari mwingine. Sifuri inakaa katikati yao, si pembeni, kwa hiyo tofauti kubwa ni kweli s1 − s2. Huko pande za mshazari za pembesita ndizo zinazotawala. Mwanafunzi aliyejifunzia kwenye shafti anapata majibu sahihi muhula mzima, kisha anaibeba kanuni hiyo hadi kwenye tangi.

Duaradufu inaujali mkazo wa tatu kimyakimya. Mlinganyo wake, s1² − s1·s2 + s2² = Y², unatokana na kuchukua tofauti zilezile tatu, kuzipiga kipeo cha pili, kuzijumlisha, kugawa kwa mbili, kisha kuweka sifuri mahali pake. Kwa hiyo anayetumia mlinganyo huu kwa bahati tu anaokoka na kosa la kwanza. Tangi letu linatoa 57.7 MPa, na presha ya kulegea ni karibu baa 43. Hiyo ni asilimia 15.5 juu ya Tresca, na tofauti kati ya vigezo hivi viwili haizidi hapo kokote. Inafika kiwango hicho kwenye tangi, ambako mkazo mmoja ni mara mbili ya mwingine, na pia kwenye shafti, ambako Tresca anatoa kikomo cha kukata cha 125 MPa na von Mises karibu 144. Kwenye vipeo sita vya pembesita, kwa mfano fimbo inayovutwa upande mmoja au kichwa cha tufe, hazitofautiani hata kidogo, kwa sababu duaradufu inapita juu ya vipeo hivyo vyote.

Hapo ndipo linapokuja kosa la pili, dogo kidogo: kwamba duaradufu ni salama zaidi kwa kuwa haina pembe. Hapana, pembesita ndiyo iliyo ndani. Wengine wanashtuka kuona duaradufu inaruhusu s1 ivuke Y, hadi mara 1.155 pale s2 inapokuwa nusu yake. Sababu ni kwamba kigezo hiki hakihesabu nishati ya kutanua ujazo, kinahesabu ile ya kupotosha umbo pekee. Mvuto wa pili ukiongezwa kwa kiasi unapunguza upotofu ulioletwa na wa kwanza.

Historia nayo inawapunguzia vyeo wanaogombana juu ya nani yuko sahihi. Tresca alitangaza matokeo yake mwaka 1864 baada ya kusukuma metali kupitia matundu kwa nguvu kubwa. Huber aliandika juu ya nishati ya kupotosha umbo mwaka 1904, kwa Kipolandi, na wengi hawakumsoma. Von Mises, mwaka 1913, alivutiwa na urahisi wa hesabu, kwani pembe za Tresca zinasumbua na mkunjo laini hausumbui. Maelezo ya nishati yaliunganishwa na mlinganyo wake na Hencky mwaka 1924. Mwaka 1931 Taylor na Quinney walivuta na kusokota mirija ya shaba, alumini na chuma laini kwa pamoja, na nukta zao zikaangukia karibu zaidi na duaradufu. Basi kwa metali zinazonyumbuka, duaradufu inakaribia ukweli zaidi na pembesita inakosea kwa upande wa tahadhari. Chuma cha kusubu, kile kinachokatika bila kulegea kwanza, hakimo kwenye mchoro wowote kati ya hii.

Kwa hiyo ndugu yangu ukiandika "mkazo wa tatu ni sifuri", usiufute. Andika namba zote tatu kwa mpangilio, kubwa hadi ndogo, na sifuri ikae inapostahili: 66.7, 33.3, 0 kwa tangi, au 100, 0, −100 kwa shafti. Kisha toa ya mwisho kwenye ya kwanza.