Kuhamisha rekodi za kliniki kutoka Excel: tarehe kwanza, halafu mgonjwa ni nani

Kliniki moja ya Kayole, hapa Nairobi, iliniita niwahamishie rekodi kwenda PostgreSQL. Zilikuwa kwenye lahajedwali moja pana, kila ziara mstari wake: jina, simu, tarehe, namba ya risiti, dawa, malipo. Kuunda majedwali mapya kulinichukua asubuhi moja. Siku zilizobaki ziliishia kwenye safu mbili tu, tarehe na jina.

Nianze na tarehe, kwa sababu kosa lake halipigi kelele. Kompyuta ya mapokezi ilikuwa imewekwa kwa mpangilio wa Marekani, mwezi ukitangulia siku. Karani aliandika 12/04/2021 akimaanisha Aprili, Excel ikahifadhi tarehe 4 Desemba. Kwenye skrini yake ilionekana sawa. Kesho yake akaandika 13/04/2021, na kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, Excel ikaiacha kama maandishi tu. Nilipofungua faili kwenye kompyuta yangu, inayotanguliza siku, risiti ya kwanza ikasomeka Desemba na inayoifuata Aprili.

Dalili yake ni hii: seli zenye tarehe halisi hazina hata siku moja inayozidi 12, na zilizobaki maandishi zote zinaanzia 13. Ukishahamisha faili kuwa CSV tofauti hiyo inapotea, kila kitu kinakuwa maandishi. Kwa hiyo, kabla ya kuhamisha, ongeza safu yenye `=ISNUMBER(C2)`, C ikiwa safu ya tarehe. Palipo `TRUE`, badilisha siku na mwezi nafasi; palipo `FALSE`, soma kama ilivyoandikwa. Kisha panga kwa namba ya risiti: tarehe zikirudi nyuma mahali, fungua kitabu cha risiti uangalie.

Data yote iliingia kwanza kwenye jedwali la mpito, kila safu ikiwa maandishi, ili lisikatae chochote. Namba ya mstari wa awali ibaki humo daima, maana ndiyo njia pekee ya kurudi kwenye asili.

```sql
CREATE TABLE mpito (
  mstari int, jina text, simu text, tarehe text,
  ni_tarehe text, risiti text, dawa text, malipo text
);
```

Sasa mgonjwa. Wengi hukimbilia namba ya simu kuwa kitambulisho. Kwanza simu zenyewe ziliandikwa kwa namna tatu: 07 kamili, bila sifuri kwa sababu Excel imeila, na zenye 254. Tarakimu 9 za mwisho zinazileta pamoja:

```sql
SELECT right(regexp_replace(simu,'\D','','g'),9) AS s,
       count(DISTINCT jina)
FROM mpito GROUP BY s
HAVING count(DISTINCT jina) > 1;
```

Matokeo yalinionyesha familia. Namba moja ilikuwa na "Mary Achieng", "Achieng Mary", "Baby Achieng" na "Brian O." (majina nimeyabadilisha). Mbili za kwanza ni mama yuleyule. Wengine ni watoto wake, ambao hawana kitambulisho wala simu. Ningeunganisha kwa simu, dozi ya mtoto ingeingia kwenye historia ya mama yake. Kwa hiyo simu ikawa maelezo ya mawasiliano, inayoruhusiwa kujirudia, na kila mgonjwa akapewa namba mpya ya mfumo.

Uamuzi wa nani ni nani sikuuachia msimbo. Nilichapisha orodha ya majina yanayoshukiwa, nikakaa na karani wa mapokezi. "Huyu Baby ndiye Faith, alipewa jina baadaye," aliniambia. Nisingeyajua hayo popote. Tuliposhindwa kuamua tuliwaacha wawili tofauti: kuunganisha baadaye ni rahisi, kuwatenganisha waliochanganywa ni mateso.

Baada ya hapo majedwali yalijipanga: `mgonjwa`, `ziara`, `dawa`, na `utoaji` unaounganisha ziara na dawa. Seli kama "Amoxil 500 x21, PCM x18" ikawa mistari miwili ya `utoaji`. Bei niliiweka pia kwenye `utoaji`, si kwenye `dawa` peke yake. Bei ya siku ile ni ya siku ile. Dawa ikipanda mwezi ujao, risiti ya zamani haipaswi kubadilika.

Mwisho ni kuhakiki kwa pesa. Nililinganisha jumla kwa kila kitabu cha risiti, si kwa mwezi, maana miezi tulikuwa tumeirekebisha. Jumla ichukuliwe kwenye `ziara` pekee. Ukiiunganisha na `utoaji` kwanza, malipo yanahesabiwa mara nyingi kadiri ya idadi ya dawa. Kitabu kimoja kilizidi cha Excel kwa shilingi 1,350. Nilirudi kwenye namba za mistari nikakuta tatu zilizoandikwa "450/-". `SUM` ya Excel huruka maandishi, kwa hiyo pesa hizo hazikuwahi kuhesabiwa. Mimi nilikuwa nimeondoa alama hiyo wakati wa kusafisha. Hifadhidata mpya ndiyo iliyokuwa sahihi.