Gud standing ni nini, na kwa nini kuacha kulipa ada si kutoka chamani

Watu wengi hapa Malindi wanadhani ukiacha kulipa ada ya chama cha taaluma basi umeshatoka. Hujatoka. Jina bado limo kwenye rejista, deni linaongezeka kila mwaka, kinachoondoka kwanza ni hiyo gud standing, yaani chama kukutambua kwamba ada umelipa na masomo ya kila mwaka umehudhuria.

Shemeji yangu ni mhasibu, alikuwa hoteli moja upande wa Casuarina. Hoteli ilipofunga akafungua duka la vifaa vya ujenzi, ada akaiweka kando, akasema uhasibu nshaacha. Miaka mitatu baadaye ikatoka kazi ya kaunti, tangazo linataka barua ya gud standing. Akaingia kwenye akaunti yake ya chama kuomba ile barua, hakuna barua, kuna deni. Tuseme ada ni elfu 10 kwa mwaka, hapo ni elfu 30 kabla ya faini, halafu hata ukilipa yote siku hiyo bado kuna masaa ya masomo hujayafikisha, na hayo hayalipiki kwa Mpesa. Siku ya mwisho ya maombi ikapita hivi hivi, na iliniuma kweli maana kazi anaijua.

Sasa hapa ndo watu huchanganya. Mtihani wa uhasibu wa CPA unasimamiwa na Kasneb, bodi ya mitihani, na ulichofaulu ni chako, hakuna wa kukupokonya kwa sababu ya ada. Lakini anayekusajili kuwa mhasibu ni ICPAK, ndicho chama cha wahasibu Kenya, chini ya Sheria ya Wahasibu ya 2008, na lile jina la CPA unaloliweka mbele ya jina lako linaenda na usajili. Kusaini ukaguzi wa hesabu za watu tena ni leseni nyingine mbali, uanachama peke yake hautoshi. Kwa hiyo mtu ambaye mwishowe chama kimemfuta kwenye rejista aseme tu amefaulu mitihani ya CPA, hiyo ni kweli, ila kadi za biashara na sahihi ya imeili abadilishe.

Faida nyingine huwa zinakatika mapema kabla hata hujafutwa: kura ya mkutano mkuu, bei ya mwanachama kwenye semina, na mteja akitafuta jina lako kwenye orodha ya wanachama anaweza asikuone.

Kama kweli unataka kutoka, andika barua kabla mwaka mpya wa ada haujaanza, maana vyama vingi vinataka ulipe deni kwanza ndo wakubali, halafu usitulie mpaka upate jibu la maandishi lenye tarehe. Na kama umepumzika tu, unalea mtoto au umestaafu, uliza kwanza kama kuna daraja la ada ndogo, ndivyo shemeji alivyoambiwa alipopiga simu, kachelewa miaka mitatu.