"Hii si ni siki tu?" Dhana potofu kuhusu chupa ya asidi ya ethanoiki

Dhana: Asidi ya ethanoiki ni siki, haihitaji kusomewa chochote.

Siki ya mezani ina takriban asilimia 5 tu ya asidi hii. Chupa ya maabara iliyokolea ina zaidi ya asilimia 99. Kwa hiyo soma karatasi ya usalama, ile inayoeleza hatari za kemikali na jinsi ya kujikinga nazo. Anza na sehemu ya 1 na ya 3: je, jina na kiwango vinalingana na lebo ya chupa uliyoshika? Karatasi ya asidi iliyozimuliwa itakudanganya. Kisha soma sehemu ya 2. Hapo utakuta H226, yaani kimiminika na mvuke wake hushika moto, na H314, yaani huunguza vibaya ngozi na kudhuru macho.

Dhana: Chupa haina alama ya fuvu, basi haina hatari kubwa.

Fuvu huonya juu ya sumu inayodhuru upesi, basi. Chupa hii ina alama nyingine mbili: kimiminika kinachobabua mkono na chuma, na mwali wa moto. Huu wa pili ndio husahaulika, kwa kuwa watu wakisikia asidi huwaza kuungua ngozi tu. Sehemu ya 9 inasema mvuke wake unaweza kuwaka kuanzia nyuzi 39 hivi za Selsiasi. Stoo ya bati mchana wa Dar es Salaam au Mombasa inaweza kukaribia hapo. Mkitengeneza esta, chemsheni maji kwanza, zimeni moto, ndipo mtumbukize neli ya majaribio ndani ya maji hayo.

Dhana: Asidi zote zipangwe rafu moja.

Chupa ya asidi ya naitriki iliyokolea nayo ina alama ya kubabua, lakini pembeni yake kuna mwali uliokaa juu ya duara. Maana yake ni kioksidishaji: huchochea vitu vingine viwake. Sehemu ya 7 na ya 10 zinataka vitu hivyo vitenganishwe na vinavyowaka, na asidi ya ethanoiki ni mojawapo. Zikivuja na kuchanganyika, zinaweza kutoa joto kali, moto au mlipuko.

Dhana: Ikishazimuliwa, lebo ni ileile.

Pima sentimita za ujazo 115 za asidi iliyokolea, mimina polepole ndani ya maji, jaza hadi desimita ya ujazo 1. Unapata 2 mol/dm³, karibu asilimia 12. Hapa alama inayofaa ni ya mshangao: huwasha ngozi na macho. Andika lebo mpya yenye jina, kiwango, alama na tarehe.

Ila anayepima zile 115 bado ameshika asidi ya asilimia 99, kwa hiyo karatasi inayomhusu ni ya asidi iliyokolea. Sehemu ya 8 itamwambia glavu za aina gani, maana zile nyembamba za hospitali hupenyezwa haraka, na avae miwani inayoziba pembeni. Sehemu ya 4 aisome kabla ya kufungua kizibo: ikiingia jichoni, ni kusuuza kwa maji yanayotiririka mfululizo, si chini ya dakika 15, kisha hospitali. Bomba likiwa halitoi maji siku hiyo, chupa isifunguliwe.